Bei ya simu mpya hushuka, makadirio yaizingatie

Anayekadiria mapato ya simu mpya kwa kuzidisha bei ya uzinduzi na idadi anayotarajia kuuza hujidanganya, kwani wanunuzi wengi hungoja bei ishuke.

Tuchukue mfano wa mwagizaji anayeuzia maduka ya Barabara ya Luthuli, katikati mwa Nairobi, na yale ya Westlands. Anatarajia kuuza simu 7,000 kwa mwaka. Kwa bei ya kwanza ya Sh10,000, angepata Sh70 milioni. Lakini katika robo nne za mwaka huenda akauza 1,000 kwa Sh10,000, 2,000 kwa Sh9,000, 2,500 kwa Sh7,500, na 1,500 za mwisho kwa Sh6,000. Jumla ni Sh55.75 milioni, upungufu wa Sh14.25 milioni.

Kinachoshusha bei mara nyingi ni mshindani. Mwaka 2011, simu ya Ideos ya Huawei ilipouzwa nchini kwa takriban Sh8,000, simu ghali za Android zilipata mpinzani.

Dalili za mapema ni shehena kurundikana ghalani, na wenye maduka kuagiza kidogo kidogo. Hapo makadirio ya robo zilizosalia hayana budi kufanywa upya.