Daktari Aliyekataa Kushuka

Kila nikisikia msee ametoka Lenana akisema alikohoa usiku kucha kambini, "lakini ni baridi tu", mimi humkumbuka Jacottet.

Huyo alikuwa daktari kijana kutoka Chamonix, Ufaransa. Mwaka 1891 alipanda Mont Blanc, kisha akabaki kwenye kibanda cha Vallot, mita 4,300 hivi juu ya bahari. Hapo ni juu kidogo tu kuliko kambi yetu ya Shipton, Mlima Kenya. Akaanza kuugua. Aliambiwa ashuke akakataa, kwa sababu alitaka kujichunguza mwenyewe aone hewa ya huko inamfanya nini. Tarehe 2 Septemba akafariki hapo hapo. Mwili ulipopasuliwa, mapafu yalikutwa yamejaa maji.

Wengi walisema ni nimonia, na hilo jina likashikilia kwa karibu miaka 70. Imagini wangapi walipewa dawa za nimonia wakaachwa wamelala huko juu! Mwaka 1960 daktari Mmarekani, Charles Houston, aliandika kuhusu kijana mwenye afya nzuri aliyezidiwa milimani Colorado. Mapafu yake yalikuwa na maji, ilhali moyo ulikuwa mzima na hakuwa na nimonia. Alishushwa hadi hospitali ya Aspen, akapona.

Kinachotokea ni hiki. Oksijeni ikipungua, mishipa ya damu ndani ya mapafu hujibana. Presha inapanda, na ile mishipa myembamba kabisa inaanza kuvuja maji mahali ambapo hewa ilifaa kuingia. Mtu anazama akiwa nchi kavu, manze.

Mara nyingi huanza usiku wa pili baada ya kupanda haraka. Dalili ya kwanza haitishi: yule aliyekuwa mbele jana, leo anaburuta miguu nyuma ya wote. Halafu kikohozi kikavu. Kichwa kinaweza kuwa hakiumi hata kidogo, ndiyo maana watu hudanganyika. Lakini akihema akiwa ameketi tu, amepumzika, usingoje asubuhi, kwa sababu usiku ndio huzidisha. Povu la rangi ya waridi likitoka mdomoni, mmechelewa sana, ila bado mshusheni.

Kushuka kunatibu kwa sababu kunaondoa chanzo chenyewe: oksijeni inaongezeka, mishipa inalegea, uvujaji unapungua. Shukeni angalau mita 1,000, au mpaka apate nafuu. Asibebe mzigo wake, na ikiwezekana abebwe yeye, maana kujikaza kunapandisha ile presha tena. Mtungi wa oksijeni au vidonge vya nifedipini husaidia mkiwa njiani, au mkizuiwa na dhoruba. Lakini njia ikiwa wazi, visiwafanye mkae.

Jacottet alikuwa akiugulia juu ya mji wake mwenyewe. Chamonix iko mita 1,035 tu.