Gauni la Kupigia Magoti

Mjadala wa mavazi ya kanisani huanza karibu kila mara na urefu: gauni lipite goti kwa kiasi gani, mkono ufike wapi, kifua kifunikwe namna gani. Ukifuata historia ya nguo hizi katika Afrika Mashariki utaona kwamba waliozishona na kuzivaa mwanzoni walihangaika zaidi na jambo jingine. Walitaka nguo ambayo mwanamke angeweza kuinama nayo, kupiga magoti na kuinuka, huku kila kitu kikibaki mahali pake.

Tuanze pwani, maana huko kujifunika kulikuwa na uzito ambao wamisionari hawakuuleta wao. Katika Unguja ya karne ya 19 nguo ilitangaza hadhi ya mtu. Mjakazi alijifunga kipande kimoja cha merikani au kaniki chini ya makwapa, mabega wazi, kichwa wazi. Kufunika kichwa na kuvaa viatu vilikuwa vya waungwana. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo misheni ya Kianglikana ya UMCA ikaweka jiwe la msingi la kanisa lake kuu palepale penye soko. Kule Mbweni misheni hiyo iliwalea wasichana waliotolewa utumwani, na ushonaji ulikuwa sehemu ya masomo yao. Kwa hiyo msomaji wa leo anayeona kitambaa cha kichwa kama mzigo aliotwishwa mwanamke akumbuke kwamba kwa kizazi kile kilikuwa kitu walichokuwa wamenyimwa. Mtume Paulo aliwaagiza wanawake wa Korintho wafunike vichwa wanaposali. Agizo hilo lilipowafikia wanawake hawa, liliwakuta wakiwa na sababu zao wenyewe za kulipokea.

Kanga nayo ilizaliwa katika miaka hiyohiyo. Simulizi inayokubalika na wengi ni kwamba wanawake wa pwani walinunua leso za mraba zikiwa bado hazijakatwa, wakaziunga ziwe kitambaa kipana, kisha wafanyabiashara wakaanza kuagiza kitambaa kizima chenye pindo na mji. Doti moja ilimtosha mwanamke: kipande kimoja kiunoni, cha pili mabegani au kichwani. Mpaka leo, katika makanisa mengi ya vijijini, mwanamke huvaa gauni lake, akajifunga kanga moja juu yake na kujitanda ya pili. Ni vazi zuri na la busara, ila lina udhaifu mmoja: limeshikwa na fundo tu. Mwenye mtoto mgongoni, anayeimba na kupiga makofi, hulazimika kulikaza kila baada ya wimbo.

Udhaifu huohuo wa fundo ndio uliozaa vazi ambalo kwangu ni ushahidi bora kuliko mengine yote. Mwaka 1905 wamisionari wa Kianglikana walifungua shule ya wasichana Gayaza, katika Buganda. Wanawake wa huko walikuwa wamezoea vazi la gome la mti, na baadaye shuka la pamba, lililozungushwa mwilini na kukazwa chini ya makwapa. Wasichana walipopiga magoti au kulima bustani ya shule, nguo ililegea na kuteleza. Inasimuliwa kwamba fundi cherehani Mgoa, Caetano Gomes, ndiye aliyepewa kazi ya kutafuta dawa, na jina lake likabaki kwenye vazi hilo: gomesi, au busuti.

Tazama dawa yenyewe. Fundi hakulitupa vazi la zamani wala hakuwavika wasichana gauni la Kizungu. Alichukua lile shuka la kuzungusha akaliwekea sehemu ya juu iliyoshonwa: shingo ya mraba, mikono mifupi iliyovimba na kuchongoka mabegani, na vifungo viwili upande wa kushoto. Uzito wa nguo ukahama kutoka kwenye fundo la kifuani ukaenda mabegani. Kitambaa cha chini kiliachwa kipana, kikizunguka mwili na kufikia miguuni, na mshipi mpana ukafungwa nyongani. Vazi zima hula kitambaa cha mita sita hivi. Ndani yake wengi hujifunga kikoi, ili kitambaa laini kisigande mwilini. Hapo mwanamke aweza kushuka magotini, kama desturi ya Kiganda inavyomtaka afanye anaposalimu wakubwa, na kama sala inavyomtaka, asishike chochote kwa mkono. Vazi lililoanza shuleni likawa la harusi, la misiba na la ibada, na linavaliwa hata sasa.

Katika Kanisa Katoliki sheria ilikuwa imeandikwa wazi. Mkusanyo wa sheria za Kanisa wa mwaka 1917 uliwataka wanawake wafunike vichwa kanisani. Ule wa mwaka 1983 haukulitaja tena sharti hilo. Pamoja na hayo mtandio haukutoweka. Ulibaki kwa desturi, hasa kwa akina mama, na vyama vyao vikaupa maisha mapya. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1972, uliimarisha mtindo wa sare ya kitenge kwa gauni na kilemba, na vyama vya akina mama katika makanisa mengine vina sare zao. Sare ina faida ambayo huonekana ukikaa benchi moja na wenzako: mke wa mfanyabiashara na muuza mchicha wamevaa kitambaa kilekile.

Viatu vilichelewa kuliko vyote. Kwa miongo mingi waumini walisali peku, na jozi ya kwanza ilibebwa mkononi njiani ikavaliwa mlangoni pa kanisa. Leo kosa limegeuka. Mchuchumio mwembamba huteleza kwenye vigae, huzama kwenye udongo wa uwanja wa kanisa, na humwangusha mwenye kupanda ngazi za altare kusoma somo. Kiatu cha kufunika vidole, chenye kisigino kipana cha sentimita tatu au nne, humtosha mwanakwaya anayesimama saa mbili.

Nguo nayo huharibikia kwa fundi. Kitenge cha pamba hupungua kikifuliwa, basi kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, la sivyo gauni lililofunika magoti Jumapili ya kwanza litayaacha wazi ya tatu. Sketi ya kubana iliyopimwa mtu akiwa amesimama hupanda ukikaa, na mpasuo wa nyuma hufunguka ukipiga magoti. Kitambaa chepesi huonekana salama chumbani, kisha jua la mlangoni pa kanisa hulipenya gauni lote. Shimizi ndiyo kinga yake. Mtandio wa hariri huteleza begani kila ukiinama, ilhali ule wa pamba hutulia, au pini moja ndogo huumaliza ubishi.

Kwa hiyo ukienda kushonesha gauni la ibada, usikubali kupimwa ukiwa umesimama tu. Mwambie fundi akupime umekaa, na kabla hujalipia, livae palepale, upige magoti, uinue mikono, uiname chini kama unayeokota kitabu cha nyimbo. Likikulazimisha kulivuta, lirudishe kwenye cherehani.