Uchambuzi wa logi za faiawoli

Uchambuzi wa logi za faiawoli ni kazi ya kusoma kumbukumbu za paketi zilizozuiwa langoni mwa mtandao ili kujua mambo mawili: ni anwani zipi zinazogonga mlango mara nyingi zaidi, na ni kanuni zipi za ndani zilizoandikwa vibaya kiasi cha kuwafungia nje wenyeji wenyewe. Makala hii inatumia mtandao wa mfano wa ofisi ya mikopo iliyopo Buseresere, mji mdogo wa wilaya ya Chato katika mkoa wa Geita. Lango lake ni kompyuta ya Linaksi inayoendesha UFW. Upande wa `eth0` ni intaneti, `eth1` ni kompyuta za kaunta (192.168.10.0/24), na `eth2` ni seva ya hesabu za wateja (192.168.20.5).

Kila paketi inayoandikwa huacha mstari mmoja katika `/var/log/ufw.log`. Ndani ya mstari huo, `SRC` ni anwani ilikotoka, `DST` ni inakokwenda, `SPT` ni poti ya mwanzo, na `DPT` ni poti inayogongwa. Orodha ya wagongaji wakubwa hupatikana hivi:

```
grep 'UFW BLOCK' /var/log/ufw.log | grep -o ' SRC=[0-9.]*' \
 | sort | uniq -c | sort -rn | head
```

Idadi zinazotokea hapo zisichukuliwe kama zilivyo. UFW ikiwa katika kiwango chake cha kawaida, `low`, huandika mistari 3 tu kwa dakika kwa kila mnyororo, baada ya mfululizo wa kwanza wa mistari 10. Kwa siku nzima hiyo ni takriban mistari 4,320. Jumla ya siku ikikaribia hapo, faiawoli imefikia kikomo cha kuandika, na paketi nyingine zilizuiwa bila kuacha alama. Mgongaji mwenye fujo huwa amekula nafasi ya wengine, hivyo aliyegonga kwa utulivu anaweza asionekane kabisa. Hesabu ya kweli husomwa kwa `iptables -L -v -n`, kwenye mstari unaoanza `Chain INPUT (policy DROP ...`. Tofauti kati ya namba hiyo na mistari ya logi ndiyo inayoonyesha ni kiasi gani kimepotea.

Wagongaji wa nje kwa kawaida ni mashine zinazopekua intaneti nzima bila kumlenga mtu. Poti 23 hugongwa sana tangu kirusi cha Mirai kilipoteka ruta na kamera mwaka 2016, na 3389 hutafutwa na wanaotaka kuingia kwenye Windozi kwa mbali. Wakishazuiwa, kazi imeisha, na sioni faida ya kumwandikia kila mmoja kanuni yake. Anayestahili kufuatiliwa ni yule anayerudi kwenye poti ambayo ofisi inaitumia kweli. Huyo anaweza kuripotiwa TZ-CERT, kituo cha matukio ya usalama wa mtandao kilicho chini ya TCRA. Ripoti itaje majira ya saa bila utata: seva nyingi huandika UTC, iliyo nyuma ya saa za Tanzania kwa saa 3, hivyo `05:15` ya logi ni saa 2 na robo asubuhi Buseresere.

Wapo pia wanaosingiziwa. Mstari wenye `SPT=443` usio na `SYN` mara nyingi ni jibu lililochelewa la tovuti ambayo mtu wa ndani aliifungua mwenyewe. Umeme ukikatika na lango likazima, jedwali lake la mawasiliano hufutika. Likiwaka tena, majibu ya mawasiliano ya zamani huzuiwa kwa wingi, na anwani ya kampuni kubwa inaweza kupanda kileleni mwa orodha bila kosa lolote.

Ofisi inayotumia laini ya simu inaweza kuona wagongaji wachache sana wa nje. Anwani ya `eth0` ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma ameiweka ofisi nyuma ya anwani inayoshirikiwa na wateja wengi, na wapekuzi wa intaneti kwa kawaida hawafiki langoni. Hapo karibu thamani yote ya logi imo upande wa ndani:

```
grep 'UFW BLOCK' /var/log/ufw.log | grep 'PROTO=TCP' \
 | grep ' SRC=192\.168\.' | grep -oE '(SRC|DST|DPT)=[^ ]+' \
 | paste - - - | sort | uniq -c | sort -rn
```

Tuseme kileleni zinatokea anwani tatu za kaunta, yaani 192.168.10.37, .41 na .52, zote zikielekea 192.168.20.5 poti 5432, ambayo ni ya PostgreSQL. Mistari ya kila moja huja kwa vikundi: `SPT` ileile, zikipishana sekunde 1, kisha 2, kisha 4. Huo ni mwendo wa kompyuta inayorudia kuomba muunganisho uleule kwa sababu haijajibiwa. Vikundi hivyo huonekana saa za kazi tu. Wafanyakazi, kwa upande wao, hulalamika kwamba mfumo unakwama kwa baadhi ya kompyuta na kufanya kazi kwa nyingine.

Chanzo kimejificha kwenye anwani zenyewe: zote zimezidi 31. `ufw status numbered` inaonyesha kwamba kanuni iliandikwa kwa 192.168.10.0/27, na /27 inaishia .31. Ofisi ilipokuwa na kompyuta chache kanuni ilitosha, na zilipoongezwa, mpya zikapewa anwani za juu. Hakuna aliyegusa faiawoli, ndiyo maana hakuna aliyeishuku. Tiba ni kanuni moja:

```
ufw route allow proto tcp from 192.168.10.0/24 \
 to 192.168.20.5 port 5432
```

UFW hufuata kanuni ya kwanza inayolingana. Kukiwa na `deny` pana iliyotangulia, kanuni mpya haitafikiwa kamwe mpaka iingizwe juu yake. Tiba mbaya, inayoonekana mara nyingi, ni kufungua poti zote kati ya mitandao hiyo miwili ili malalamiko yaishe.

Umbo la orodha ndilo linalotenganisha kanuni mbovu na kompyuta mbovu. Vyanzo vingi vikienda kwenye seva moja na poti moja, shuku kanuni. Chanzo kimoja kikigonga anwani nyingi kwa poti ileile, shuku kirusi. WannaCry, iliyoanza kusambaa tarehe 12 Mei 2017, iliruka hivyo kupitia poti 445. Hapa UFW ina kimya cha hatari: paketi za 445 zinazoligonga lango lenyewe huzuiwa bila kuandikwa, kwa mpangilio wake wa kawaida. Zinazovuka kutoka `eth1` kwenda `eth2` ndizo huandikwa.

Kanuni iliyolegea kupita kiasi haionekani kabisa katika logi ya vizuizi, kwa kuwa haizuii kitu. Hiyo hutafutwa kwa kusoma orodha ya kanuni moja baada ya nyingine pamoja na hesabu za paketi zake. Kanuni yenye sifuri baada ya mwezi wa kazi ama haina mtumiaji ama imefunikwa na iliyo juu yake. Hesabu hizo hurudi sifuri kila UFW inapopakiwa upya, hivyo ziandikwe kabla ya kubadili chochote. Logi nazo kwa mpangilio wa kawaida huzungushwa kila wiki na kubaki nakala 4, na za zamani zaidi hufutwa. Anayetaka kulinganisha mwezi huu na uliopita azinakili mapema kwenye kompyuta nyingine.