Azimio la kazi la biolojia (Mboko, Fizi)

Azimio la kazi ni jedwali ambalo mwalimu wa sekondari humkabidhi prefe mwanzoni mwa mwaka. Hupanga mada, vifaa na vipindi vya vitendo, wiki kwa wiki.

Mpangilio na mwezi

Mazoea ni kufuata sura za kitabu, kisha kutafuta vifaa mada inapofika. Mboko, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika kati ya Uvira na Baraka, njia hiyo inaharibu vitendo, kwa sababu kielelezo bora cha upumuaji, matamvua ya samaki, hakipatikani kila wiki. Ndagala na mikeke huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti samaki na mitumbwi mingi hubaki ufukweni. Tuchukue muhula ulioanza 1 Septemba 2025. Mwezi mpevu uliangukia 7 Oktoba, yaani wiki ya 6. Mwezi mwandamo 21 Oktoba, wiki ya 8. Azimio linaloweka matamvua ya samaki katika wiki ya 6 limepanga kipindi bila samaki. Busara ni kupeleka matamvua wiki ya 8 na kuweka osmosisi katika wiki ya 6: vipande vya muhogo mbichi vya sentimita 5, kimoja katika maji matupu na kingine katika maji ya chumvi kwa saa moja. Cha kwanza hukakamaa, cha pili hulegea. Muhogo hauna msimu wa mwezi, na somo la maji kupita kwenye utando wa seli humtayarisha mwanafunzi kwa lile la gesi.

Saa nayo iandikwe. Mitumbwi hurudi alfajiri, hivyo kipindi kiwe cha kwanza asubuhi; kufikia mchana matamvua mekundu yamegeuka kahawia na kujaa ute. Mkeke mmoja kwa kundi unatosha: kifuniko hukatwa, tao moja hutolewa na kutumbukizwa katika bakuli la maji. Nyuzi zake hutawanyika; likiinuliwa, hugandamana. Hapo mwanafunzi anaona kwa macho kwa nini samaki hufa nchi kavu ilhali hewa imejaa oksijeni. Nyuzi zisipotawanyika majini, samaki amechacha na matokeo yasiandikwe.

Pingamizi

Husemwa kwamba programu ya taifa na Egzame ya Taifa havimpi mwalimu uhuru huo, na mkaguzi atauliza. Hoja ina uzito pale mada inapohamishwa kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Kubadilishana wiki mbili ndani ya muhula hakupunguzi hata mada moja, mradi sababu iandikwe kwenye safu ya maoni. Zaidi ya hapo, kuahirisha vitendo vya samaki hadi mwisho wa mwaka wa masomo ni hatari: mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi wa ziwa hili kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, yetu ikiwemo.

Vifaa

Kisu, bakuli, chumvi, lenzi. Kutokuwa na hadubini si sababu ya kufuta kipindi chochote kati ya hivi viwili.