Umeona Luku Kwa Picha? Hivi Ndivyo Unaigeuza Sare ya Familia Bila Kupata Kijani Tatu Tofauti

Unajua vile inaanza. Uko Masalani, umelala kwa mkeka, unapitisha kidole kwa simu, na ghafla unasimama. Kuna picha ya harusi huko Isli, dame amepiga gauni refu la kijani na pindo la rangi ya maziwa, na imeshika vibaya. Unapiga skrinshoti, unamtumia mtu wako, anajibu kwa neno moja: "Tushone." Kufikia jioni mathe ameingia kwa mpango, watoto pia wanataka, na sasa si gauni moja tena. Ni sare ya watu wanne, na Idd iko karibu.

Hapo ndipo mambo huharibika, na mara nyingi fundi hana makosa. Picha hubeba mtindo, haibebi kitambaa. Kitambaa kinabebwa na maneno yako. Ukimwambia mwenye duka "satini ya kijani", ukamwandikia fundi "hariri ya kijani", halafu dadako akaenda sokoni na "kijani kama ya picha", umeagiza vitambaa vitatu. Mimi nilifanya hivyo mwaka mmoja. Nguo ziliingia siku mbili kabla ya Idd, yangu inang'aa kama karatasi ya peremende, ya mzee imefifia kama sare ya shule, na mvua ilikuwa imeshakata barabara ya Garissa. Tulivaa tu. Ile picha ya familia haijawahi kutumwa kwa mtu.

Kwa hivyo kabla ya kutuma picha kwa yeyote, ikague. Usitumie skrinshoti iliyotumwa mara kumi, kwa sababu kila inapopigwa skrinshoti tena na kutumwa upya inaweza kupoteza rangi na ule mfumo wa nyuzi. Kama unamfahamu mwenye nguo, muombe picha ya asili na aitume kwa HD kwenye WhatsApp. Kisha ivute karibu na uangalie sehemu tatu. Cheki pindo la chini: likianguka laini na kutengeneza mawimbi madogo, hiyo ni nguo nyepesi kama krepu ama shifoni, likisimama kama limepigwa wanga, kitambaa ni kigumu. Cheki mahali mwanga unagonga bega: ukiona mstari mweupe mkali, ni satini, lakini hakikisha si flashi ya kamera inakudanganya. Mwisho cheki mahali kuna mwanga nyuma ya mkono. Mkono ukionekana ndani ya nguo, hicho ni kitambaa cha kuonyesha, na kitakupa kazi nyingine kabisa.

Hii ya mwisho ni muhimu sana kwetu. Diraa ya Kisomali huwa nyepesi na inaonyesha, ndiyo maana huvaliwa juu ya gaguro, ile googarad, na garbasaar hutupwa begani. Ukipigia fundi wa Mombasa simu umwambie "dera", yeye anaona lile gauni pana la kushinda nalo nyumbani. Maneno yanafanana masikioni, nguo hazifanani. Na kama luku ya picha ni diraa, mzee wako hawezi kushonewa shati la kitambaa hicho hicho. Hapo unachukua rangi ya pindo la diraa, unampa shati ama maawisi ya rangi hiyo, basi. Sare si lazima iwe kitambaa kimoja, lakini lazima ujue ni kipi kinabaki na ni kipi kinabadilika.

Sasa tuje kwa sentensi yenyewe. Andika moja tu, na iwe na vitu hivi kwa mpangilio ambao haubadiliki: aina ya kitambaa, uzi wake, rangi, kama ni wazi ama kina maua, kama kinang'aa, kama kinaonyesha mwili, na upana. Kwa ile luku yetu ya kijani inakuwa hivi: "Krepu ya poliesta, kijani cha chupa, wazi bila maua, haing'ai, haionyeshi mwili, upana inchi 60." Pindo nalo lina sentensi yake: "Satini ya poliesta, rangi ya maziwa, wazi, inang'aa kidogo, haionyeshi mwili, upana inchi 60."

Ukishaandika, usiiandike tena. Nakili na ubandike. Mwenye duka apate hiyo, fundi apate hiyo, dadako apate hiyo. Najua mwalimu wa insha alikufundisha usirudie maneno, lakini hapa kurudia ndiyo dawa. Ukisema "kijani cha chupa" asubuhi na "kijani kizito" jioni, kwako ni rangi moja, ila kwa mtu aliyezungukwa na jora arobaini za kijani hizo ni mbili.

Rangi ifunge kwa kitu ambacho kila mtu ameona. Chupa ya soda, ugoro, maziwa, jani la mwembe lililokomaa. Hata hivyo usiamini simu kwa rangi peke yake, maana skrini yako na ya fundi hazifanani. Muombe mwenye duka atoe jora nje kivulini, asubuhi, aweke karatasi nyeupe juu yake, kisha apige picha. Karatasi ikionekana ya njano ama ya buluu, basi rangi ya kitambaa nayo imedanganya kwa kiwango hicho hicho.

Kuhusu jina, pia hapo kuna mchezo. "Silki" madukani mara nyingi ni poliesta inayong'aa. Kama uko hapo dukani, omba uzi mmoja kutoka ukingoni, uwashe na kiberiti mbali na kitambaa. Poliesta itayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Pamba itaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Na kwa joto la Ijara hii si habari ndogo, kwa sababu poliesta toka kichwa mpaka miguu saa saba mchana ni noma. Mimi ningemwachia mzee kanzu ya pamba nyeupe, halafu ule ufanano uje na weskoti juu yake.

Haya, tupige hesabu ya watu wanne. Mathe anavaa gauni refu pana, kutoka bega hadi chini sentimita 145. Ongeza 8 za pindo na mshono, zidisha mara mbili kwa mbele na nyuma, ni kama mita 3. Kwa upana wa inchi 60, yaani sentimita 150 hivi, mikono inatoka pembeni, kwa hivyo mpe mita 3 na robo. Msichana wa miaka saba, gauni la sentimita 95: mbele na nyuma vinalala ubavu kwa ubavu, mikono inakatwa chini yake, mita 1 na nusu inatosha. Weskoti ya mzee ni robo tatu ya mita. Ya kijana wa miaka minne ni nusu mita. Jumla ni mita 6. Ongeza nusu ya makosa, nunua 6 na nusu.

Lakini ukiletewa upana wa inchi 45, ile hesabu imekufa. Vipande havilali tena ubavu kwa ubavu, na mita 6 zinageuka karibu 8. Ndiyo maana upana uko ndani ya sentensi. Watu huuacha, kisha fundi anapiga simu akisema kitambaa cha kijana kimekosekana, na hapo unaanza kutafuta kipande kingine.

Kipande kingine ndicho kinachoua sare. Kitambaa hutiwa rangi kwa mikupuo, na mkupuo wa leo haulingani kabisa na wa mwezi jana, hata kama jina ni lilelile na duka ni lilelile. Chukua zote kutoka jora moja, siku moja. Ukiagiza kutoka Suuq Mugdi pale Garissa, ama Isli kwa wale wanaopitia Garissa Lodge, mwambie mwenye duka kabisa: "Nataka mita 6 na nusu, jora moja, usiunganishe." Kama jora limebaki mita 5, afadhali kubadilisha jora zima kuliko kuongezea kutoka kwa lingine. Na akate kipande cha ukubwa wa kiganja kwa ajili yako kabla ya kufunga mzigo. Hicho kiweke nyuma ya kava ya simu yako.

Kwa fundi, ile sentensi inafuatwa na maagizo ya kila mtu, moja moja. "Mama: gauni refu, pindo la maziwa chini na mikononi, upana wa pindo vidole vitatu. Baba: weskoti, pindo la maziwa mfukoni tu. Msichana: gauni, pindo chini, vidole viwili. Kijana: weskoti, pindo mfukoni." Unaona neno ni "pindo" kila mahali. Ukiandika "lesi" kwa msichana kwa sababu umesahau, atashonewa lesi.

Kuna jambo moja zaidi kama umechagua satini kwa nguo nzima. Satini ina uelekeo. Ukiishika hivi inang'aa, ukiigeuza juu chini inaonekana imekolea. Fundi anayebana kitambaa hugeuza vipande ili vienee, halafu mbele ya gauni na nyuma vinaonekana vimetoka maduka mawili. Mwandikie: "Vipande vyote vielekee upande mmoja," na uongeze nusu mita ama zaidi kwa sababu hawezi tena kubana. Maua makubwa yana shida kama hiyo. Ua la kujaza kiganja linapendeza kwa mathe, ila kwa weskoti ya mtoto wa miaka minne linakatwa katikati na kuonekana kama doa. Yeye mpe rangi moja iliyo ndani ya hilo ua, wazi bila maua.

Mzigo ukifika, usifue kitu na usipige pasi. Toka nje kivulini, panga nguo zote nne bega kwa bega, weka kile kipande cha kava juu ya kila moja. Kisha piga picha mbili, moja ya mwanga wa jua na moja ya flashi usiku ndani ya nyumba, kwa sababu Idd utapigwa picha zote mbili. Kama weskoti imetofautiana kwa flashi pekee, huenda fundi alitumia kitambaa kingine cha mng'ao tofauti ama aligeuza vipande. Ikitofautiana hata kivulini, huenda jora lilibadilishwa. Kwa vyovyote sentensi yako iko kwa WhatsApp ya mwenye duka na ya fundi, neno kwa neno, na utajua ni nani wa kupigia kwanza.