Kutoka Rangi Kali hadi Mabaka: Baruti Isiyotoa Moshi na Sare za Jeshi la Ufaransa

Mabadiliko ya sare za kijeshi mwishoni mwa karne ya 19 huelezwa kwa kawaida kuwa ni matokeo ya bunduki zenye shabaha ya mbali. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayajitoshelezi. Makala haya yanadai kuwa chanzo kingine kikubwa kilikuwa moshi, au tuseme kutoweka kwake.

Katika enzi ya gobori, rangi kali ilikuwa na kazi. Risasi ya gobori ilipoteza shabaha baada ya mita 100 hivi, na baruti nyeusi ilifunika uwanja wa vita kwa wingu zito. Ndani ya wingu hilo, kamanda aliwatambua askari wake kwa rangi ya mavazi yao. Jeshi la Ufaransa lilianza kuvaa suruali nyekundu mwaka 1829, na wakati huo uamuzi huo haukuwa wa kipumbavu.

Mwaka 1884 mkemia Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyotoa moshi, na miaka miwili baadaye ilitumika katika bunduki ya Lebel. Tangu hapo mfyatuaji aliweza kujificha, ilhali aliyevaa nyekundu alionekana waziwazi kutoka mbali. Kwa hiyo, taifa lililoondoa moshi ndilo lililochelewa kuondoa rangi. Waingereza walikuwa wamekwisha kuzoea kaki, vazi lililoanzia katika kikosi cha Lumsden huko Peshawar miaka ya 1840, ambalo jina lake latokana na neno la Kiajemi lenye maana ya vumbi. Waziri wa Vita wa Ufaransa, Adolphe Messimy, alipopendekeza sare ya kijani-kijivu mwaka 1911, alipingwa kwa hoja ya heshima ya taifa.

Sheria ya kubadili sare ilipitishwa Julai 1914, vita vikiwa mlangoni. Kitambaa kipya kilikusudiwa kuchanganya nyuzi za buluu, nyeupe na nyekundu, lakini rangi nyekundu ilitoka Ujerumani. Ilipokosekana, ikabaki buluu hafifu. Wakati huohuo askari waliingia vitani na suruali nyekundu. Tarehe 22 Agosti pekee walikufa takriban 27,000. Si haki kuilaumu suruali peke yake, kwani mizinga na bombomu viliwaua hata waliovaa kijivu.

Hata hivyo, rangi moja tulivu ilikuwa na kikomo chake: haifichi umbo. Jicho hutambua mstari wa mabega na kichwa hata pale rangi inapofanana na udongo. Mabaka hutatua tatizo hilo kwa kuukatakata mstari huo, ili jicho lione vipande visivyohusiana badala ya mtu. Waitalia mwaka 1929, na Wajerumani mwaka 1931, waliyachapa mabaka kwanza kwenye turubai za mahema. Nguo zilifuata baadaye. Hivyo sare, iliyobuniwa ili askari atambulike, ikaishia kumfanya asitambulike kuwa mtu.