Fremu si picha

Anayeandika programu yake ya kwanza ya kuchora kwa Vulkan hukuta neno "fremu" likibebeshwa maana mbili, na hapo ndipo hitilafu huzaliwa. Fremu ni zamu ya kazi: CPU huandika amri mpya huku GPU ikimalizia za zamu iliyotangulia. Picha ni pale rangi zinapowekwa kabla ya kupelekwa kwenye skrini.

Tuseme zamu ni 2 na picha ni 3. Uzio, pamoja na semafori unayoipa `vkAcquireNextImageKHR`, vihesabiwe kwa zamu. Semafori inayosubiriwa na `vkQueuePresentKHR` ihesabiwe kwa picha:

```
kuchoraKumekwisha[imageIndex]
```

Uzio huthibitisha tu kwamba kuchora kumekwisha; hausemi kama uonyeshaji umekwisha kuitumia semafori. Ukiihesabu kwa zamu, zamu 0 yaweza kurudi na kuiwasha upya huku picha ya awali ingali ikiisubiri. Skrini yaweza kuonekana safi kabisa, ila tabaka za ukaguzi za Vulkan zitaonya kwamba semafori huenda bado inatumiwa na `VkSwapchainKHR`. Ukipewa tena picha ileile, ndipo semafori yake huwa huru.